Mato Hugeuka Macho, Pumzi Hubaki

Msikilize mfanyabiashara wa Mombasa akipatana bei ya vitenge Kariakoo. Kwao husema mtu "yuwataka" kitu, mchele ni "mtele", macho ni "mato", na kucheka ni "kuteka". Akisimama mbele ya muuza duka wa Dar es Salaam, hayo hutoweka kabla bei haijashuka hata kidogo: sasa ni anataka, mchele, macho. Hakuna aliyemwomba abadilike, na pengine mwenyewe hajui kwamba amebadilika.

Tofauti hiyo ya t na ch si ulimi kuteleza. Ni utaratibu. Penye sauti moja ya kale, Kiunguja kilielekea ch na Kimvita kikaelekea t, ndiyo maana maneno hayo hulingana kwa makundi. Mzee wa Mombasa ana t mbili: ya kwanza ncha ya ulimi hugusa meno, ya pili hugusa ufizi. Ile inayosimama mahali pa ch ya Unguja ni ya menoni, kwa hiyo kwake kuteka kwa furaha na kuteka maji kisimani havichanganyiki. Sikio la Dar halina t mbili. Mtu akiambiwa "usinteke" anaweza kudhani anayesema naye anaogopa kutekwa nyara.

Kwa nini ni mgeni wa Mombasa anayesogea, na mwenyeji anatulia palepale? Jibu liko vitabuni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia vitabu vya shule. Tangu hapo mtoto wa Mombasa husoma "macho" darasani na kusikia "mato" jikoni. Anayo yote mawili. Mtoto wa Dar hupata moja tu, kwa hiyo hata angetaka kumfuata mwenzake, hana pa kwenda.

Lakini si kila kitu huhama. Mwanaisimu Peter Trudgill, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lahaja zinapokutana, alieleza kwamba mtu hurekebisha kwanza zile tofauti anazozitambua, na maandishi ni moja ya mambo yanayomfanya azitambue. Kwa Kiswahili hoja hiyo inakaa vizuri sana. T na ch zina herufi mbili tofauti, basi mzungumzaji anaitambua tofauti hiyo. Sasa chukua paa la nyumba na paa wa porini. Kwa Mombasa p ya mnyama hutoka na pumzi, ukiweka kiganja mbele ya mdomo utauhisi upepo. Ya nyumba haina. Ndivyo ilivyo kwa kaa wa baharini mwenye pumzi na kaa la moto lisilo nayo. Pumzi hiyo ni mabaki ya n ya ngeli iliyomezwa zamani. Haiandikwi, haikufundishwa shuleni, na wasemaji wengi wa bara hawaitofautishi. Mfanyabiashara wetu ataacha mato na mtele, lakini pumzi ataibeba hadi Mbeya bila kujua kwamba anayo. Ukitaka kumtambua mtu wa Mvita aliyekwisha kujirekebisha, tegea hapo. Au subiri apigiwe simu na dada yake: mato hurudi papo hapo.

Anayetoka Nairobi hurekebisha upande mwingine. Hujifunza haraka kwamba "nipe chai" ya kwao huko Dar husikika kama amri, akahamia "naomba chai". Neno ni jepesi kubadilisha. Upatanisho wa ngeli humchelewesha zaidi: atasema "naomba" kwa adabu zote, kisha amalizie na "hii kitu ni pesa ngapi?" Ile adabu aliisikia na kuiona faida yake mara ya kwanza tu, ilhali "hii kitu" hueleweka, muuzaji hutaja bei, na hakuna kinachomshtua aigeuze.

Kuna wanaopita kiasi. Msemaji aliyezoea kutamka z penye dh hujua anachekwa kwa "zahabu", basi akiwa mbele ya watu wa pwani huitandaza dh kila mahali, hadi zawadi ikawa "dhawadi". Kosa la namna hiyo lina thamani zaidi kwa mchunguzi kuliko matamshi sahihi, maana linaonyesha kanuni aliyojitungia kichwani.

Na kuna anayegoma kusogea kwa makusudi. Mshairi wa Mombasa aliyesema macho na mchele dukani, jioni akisoma beti zake mbele ya hadhira hiyohiyo ya Dar, atasema mato. Katika ushairi Kimvita na Kiamu vina heshima ya karne nyingi, na hapo ni msikilizaji anayetakiwa kusogea.