Feni ya Friza Inapolalamika

Friji zisizojaza barafu zina feni ndogo nyuma ya paneli ya ndani ya friza. Kazi yake ni kuvuta hewa kwenye koili baridi na kuisambaza. Ikianza kelele wakati friji inapoza, fungua mlango, kisha bonyeza swichi ya mlango kwa kidole. Katika friji nyingi feni husimama mlango ukiwa wazi na huzunguka swichi ikibonyezwa. Kelele isiyokoma feni ikisimama huenda inatoka kwenye kompresa, chini nyuma.

Mlio mwembamba wa kufyonza, unaopanda na kushuka, huashiria bushi za mota zilizolika. Hapo hubadilishwa mota nzima. Mtikisiko wa kugongagonga huelekeza kwenye panga lililopasuka au mpira wa kushikilia mota uliolegea.

Mkwaruzo wa tak-tak-tak ni panga linalogusa barafu. Zima friji, chomoa waya, acha milango wazi mpaka barafu iyeyuke yote. Usichokonoe kwa kisu, kitatoboa koili. Kisha washa na usubiri. Mkwaruzo ukitoweka halafu ukarudi baada ya siku chache, feni ni nzima. Fundi apime hita ya kuyeyushia barafu na sensa yake, akague kama tundu la kutolea maji limeziba, na aangalie mpira wa mlango, kwani ukivuja huingiza unyevu unaoganda. Ukinunua feni mpya bila kugusa hivyo, barafu itaikwaruza vilevile.