Juisi ya tangawisi: ionje ikiwa baridi

Ndugu wanakoperative, wengi wetu tunatengeneza juisi ya tangawisi, lakini chupa ya leo inawaka koo na ya kesho ni sukari tupu. Tena ikilala usiku mmoja, asubuhi inatoa povu. Hapa Mweso, ambako wengi hatuna frigo, chupa hiyo ni hasara. Tuliitengeneza pamoja na wamama, na hii ndiyo njia tuliyoishika.

Kwa litre 2 za maji tunapima gramu 250 za tangawisi mbichi. Ioshe vizuri, toa udongo wote kwenye vikonyo, kisha uitwange. Tangawisi iliyokomaa ni kali kuliko changa, kwa hiyo ikiwa imekomaa sana, gramu 200 zinatosha. Changanya na maji, chuja kwa kitambaa safi, uache itulie nusu saa. Chini utaona unga mweupe. Mimina maji ya juu polepole, unga uubakize, maana ukiuchemsha juisi itakuwa nzito kama uji.

Chemsha maji hayo dakika 5, kisha tia gramu 150 za sukari. Sufuria iweke kwenye beseni la maji baridi. Ikipoa ndipo ukamue ndimu 4, kwa sababu moto unaharibu harufu ya ndimu.

Sasa onja, lakini si ikiwa moto! Kinywaji cha moto kinaonekana kitamu zaidi kuliko kilichopoa. Poza kikombe kimoja kabisa, kunywa kidogo, ngoja dakika moja, maana ukali wa tangawisi unachelewa kufika kooni. Ikiwaka sana, ongeza kwanza maji yaliyochemshwa na kupozwa, halafu sukari. Wale wanaotia sukari peke yake wanapata kinywaji kinachowaka na kuchosha pamoja. Ikiwa tamu lakini haina uhai, ongeza ndimu.

Jaza chupa ndogo zilizooshwa kwa maji ya moto. Chupa kubwa ikifunguliwa mara kwa mara, yote inapata joto na uchafu. Kwenye frigo, uza ndani ya siku 3. Bila frigo, tengeneza ile ya kuuza siku hiyohiyo tu. Chungu cha udongo kilichofunikwa kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo, kinapoza kidogo, lakini siku za mvua hakisaidii sana, na hakiwezi kuwa frigo. Barafu nayo iwe ya maji yaliyochemshwa: baridi haiui vijidudu vya kipindupindu.

Kabla ya kuuza, bonyeza chupa ya plastiki. Ikiwa imevimba, au inatoa «sss» ukiifungua na harufu ya pombe, imechacha. Usiichemshe upya ili uiuze. Imwage.