Depo ikiungua: asiranse inalipa nini, kese ya dharura inalipa nini?



Kwa mikutano ya miezi iliyopita, wa mama wenye depo za maharagi na wa papa wanaouza mbegu na dawa za shamba walituuliza swali moja: "Kama depo inaungua usiku, ama wezi wanavunja mlango, ni nani atanirudishia mali yangu?" Wengine wanajibu haraka: asiranse. Wengine wanasema asiranse haiko ya watu wadogo, afazali kuweka franga ku kikundi. Sisi tunaona kila moja inalipa hasara ya namna yake, na mtu akichanganya anaweza kubaki mikono mitupu hata kama alilipa kila mwaka. Tueleze pole pole.

Kwanza, asiranse

Kwa miaka mingi inchi yetu ilikuwa na kampuni moja tu ya asiranse, SONAS, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na tangu 2019 ziko zingine zenye kibali. Kibali kinatolewa na ARCA, ofisi ya serikali inayosimamia kazi ya asiranse. Kwa hiyo, mtu akikuja ku depo yako na karatasi nzuri na kalamu, neno la kwanza ni hili: "Nionyeshe kibali cha ARCA cha kampuni yako." Asipokuwa nacho, usimpe hata franka moja.

Asiranse ya moto inalipa mali iliyoandikwa ndani ya kontra, mahali palipoandikwa. Ukihamisha gunia kutoka depo ya Virunga kwenda chumba cha shemeji yako Majengo bila kuambia kampuni, kule Majengo hauna asiranse. Vilevile nyumba ya mbao, kama nyingi za Goma, kampuni inaweza kuikataa ama kuomba ada kubwa zaidi, sababu inaungua mbio. Kama jirani anauza mafuta ya gari ndani ya chupa na bido, sema mapema. Ukificha, siku ya moto kampuni itapata sababu ya kukataa.

Asiranse ya wizi nayo iko na sharti lake. Mara nyingi inalipa kama mlango, dirisha ama kadenasi imevunjwa na alama zinaonekana. Mfanyakazi akichukua kilo mbili kila siku kwa mwezi muzima, hiyo kwa kawaida hailipwi.

Mfano wa mama wa maharagi

Tufanye mfano. Mama mmoja iko na depo ndogo. Siku za kawaida stoki yake ni ya dola 1.200, na hiyo ndiyo bei aliyoandikisha ku kontra. Lakini mavuno yanapoingia, ananunua mingi wakati bei iko chini, na stoki inafika dola 2.400. Hakurudi ku kampuni kubadilisha kontra.

Usiku mmoja moto wa makala unashika ukuta. Majirani wanazima, lakini nusu ya stoki imeungua: hasara ni dola 1.200. Mama anafikiri: "Niliandikisha 1.200, nimepoteza 1.200, basi watanilipa 1.200." Haiko vile. Kontra nyingi za moto ziko na kanuni ya kipimo: kama uliandikisha nusu ya mali yako, kampuni inalipa nusu ya hasara yako. Mama aliandikisha 1.200 wakati ndani mulikuwa 2.400. Ni nusu. Basi analipwa dola 600. Halafu wanatoa franshize, maana yake kile kipande cha hasara ambacho mwenye mali anabeba mwenyewe. Tuseme kontra yake inaandika dola 50. Anabaki na 550.

Hapa hakuna aliyemuibia. Ni yeye aliyelipia asiranse ya depo nusu. Dawa yake ni kuandikisha bei ya stoki ya wakati depo imejaa, hata kama ada inapanda kidogo, ama kuuliza kama kampuni inakubali kuongeza bei kwa miezi ya mavuno tu.

Hata hizo 550 hazitoki bila ushahidi. Kampuni itauliza: mulikuwa nini ndani? Daftari la stoki likiungua pamoja na gunia, mama hana la kujibu. Ndiyo maana daftari la pili linalala nyumbani ama kwa katibu wa koperative, na kila juma mtu anapiga picha ya depo na ya faktire kwa telefone na kuzituma kwa mtu mwingine. Moto ukitokea, kampuni inapaswa kuambiwa kwa maandishi ndani ya siku chache. Tafuta hiyo hesabu ya siku ndani ya kontra leo, usingoje. Kwa wizi, karatasi ya ripoti ya polisi inahitajika pia.

Pale asiranse inanyamaza

Ukurasa ambao watu wa Goma wanapaswa kusoma zaidi ni ule wa mambo yasiyolipwa. Kontra za kawaida zinaondoa vita, fujo na uporaji wa watu wengi. Mlipuko wa volkano na tetemeko pia mara nyingi vinaondolewa, isipokuwa umelipa zaidi ili viingizwe.

Tunajua maana yake hapa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kumeza maduka na nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena na kusimama karibu na mji, upande wa Buhene. Siku tano nyuma yake, serikali iliamuru watu wa kata nyingi watoke, na watu wengi walikimbilia Sake, Rutshuru na Gisenyi. Wenye depo walifunga milango bila kujua watarudi lini. Na mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, depo ziliporwa na benki zikafunga milango. Mtu aliyekuwa na franga zake zote ku benki alikuwa tajiri ku karatasi, lakini hakuweza kununua hata unga.

Kwa hasara za namna hii, inayobaki ni akiba uliyoweka mwenyewe.

Kese nyekundu, na kese ya depo

Wengi wenu muko ndani ya MUSO. Munajua kese ya kijani ni ya mikopo, kese ya bluu ni ya franga za kutoka inje, na kese nyekundu ni ya msaada. Mchango wa kese nyekundu haurudishwi kwa memba. Unatolewa kama zawadi kwa aliyepatwa na tatizo, kufuatana na sheria ya kikundi. Ndani ya AVEC muko pia na kese ya msaada inayofanya kazi karibu vile.

Kese nyekundu ni nzuri kwa kilio, kwa ugonjwa, kwa kununua sahani na blanketi nyumba ikiungua. Lakini haikutengenezwa kwa kujaza depo. Kama kikundi kinatoa dola 30 kwa kila tatizo, hizo hazirudishi biashara. Na kama komite inamwonea mtu huruma na kumpa 300, memba wa pili atakayepatwa na msiba atakuta kese iko bule. Kwa hiyo depo inaomba akiba yake ya pekee.

Kiasi gani? Usihesabu stoki yote, utakata tamaa. Uliza: ni franga ngapi zitanifanya nifungue tena mlango na kuuza? Mama wetu alihesabu hivi: mwezi mmoja wa nyumba nyingine, dola 40, mizani na kadenasi, dola 60, maharagi ya kuanzia, dola 300. Jumla dola 400.

Halafu akaamua: kila gunia inayouzwa, dola 1 inatoka kabla ya kugusa faida. Anauza gunia 6 kwa juma, basi anaweka dola 6, na 400 zinatimia kwa juma 67, yaani mwaka moja na miezi mitatu na kitu. Ni ndefu. Ndiyo sababu ile asiranse ya moto ina maana kwake: inamlinda kwa moto wa kawaida wakati akiba ingali ndogo, na akiba inamlinda kwa yale ambayo asiranse haitaki.

Franga zilale wapi?

Hazilali ndani ya depo. Moto unaounguza gunia unaunguza na noti. Na zisilale zote mahali pamoja. Mama anaweza kuzigawa sehemu tatu: moja ku kese ya kikundi yenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, moja ku telefone, M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, moja ku koperative ya akiba na mikopo. Kila mahali pana ubaya wake. Kese inaweza kuibiwa. Telefone ilisaidia sana benki zilipofunga mwaka 2025, lakini noti zilikuwa chache ku maajenti na kutoa kukawa bei kali. Koperative ya akiba inaweza kufunga kama benki. Zikigawanywa, tatizo moja halichukui zote.

Sharti la mwisho ni kuandika mapema akiba hii inafunguliwa kwa nini: moto, wizi, kukimbia, stoki kuoza kwa maji. Masomo ya watoto na harusi ya mdogo havimo. Mama alimpa dada mmoja wa kikundi kazi ya kushika buku la akiba hiyo, na hawezi kutoa bila dada kuweka saini. Ukitoa, unaanza tena dola 1 kwa gunia mpaka ijae.

Kwa mkutano ujao, tunaomba kila mwenye depo alete vitu viwili: kontra yake kama anayo, na hesabu ya franga za kufungua mlango tena. Asiyejua kusoma kifaransa cha kontra, atasomewa ukurasa wa mambo yasiyolipwa kwa sauti, na tutatafsiri pamoja.