Pombe Inapoingia Chumbani

Uume husimama pale ubongo unapotuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu ikalegea, damu ikajaa na kubanwa humo. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, hivyo ujumbe hufika dhaifu.

Chukua mwanamume aliyekunywa bia 4 za nusu lita jioni ya Jumamosi. Kila chupa ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo, na ini huhitaji saa 2 au zaidi kuimaliza. Saa sita usiku hamu anayo, lakini mwili hauitiki. Kama asubuhi anaamka uume umesimama, hilo lilikuwa la usiku mmoja tu. Anayekunywa sana kwa miaka mingi ni habari nyingine: mishipa ya fahamu huharibika, korodani hutoa testosteroni kidogo, na hata siku asipokunywa uume hulegea.

Kwa mwanamke, pombe hudanganya zaidi. Glasi moja humwondolea aibu, akajisikia ana hamu. Hata hivyo, akizidisha, damu kidogo hufika ukeni, ute hupungua, tendo huuma na kilele huchelewa au kisifike. Mumewe asidhani hapendwi.

Tatizo likiendelea wiki kadhaa bila pombe, nenda ukapimwe sukari na presha, kwani nazo huleta shida hiyohiyo. Usichanganye pombe na vidonge vya nguvu za kiume. Presha inaweza kushuka ukaanguka.