Vidole Vimegoma? Bado Unaweza Kubonyeza PIN Yako Mwenyewe

Chukulia fundi viatu aliyepata kiharusi. Mkono wa kulia hauna nguvu, na wa kushoto unatetemeka. Kila akitaka kulipa, kijana wake ndiye anabonyeza PIN. Sasa PIN inajulikana na watu wawili, na hiyo si siri tena.

Kuna njia. Kama simu yake ni ya Android na inakubali waya wa OTG, anaweza kuchomeka mausi ya tufe. Hii haisukumwi mezani kama mausi ya kawaida. Inatulia mahali pamoja, na wewe unazungusha tufe lake kwa kiganja, kwa gumba au hata kwa kiwiko. Mshale unatokea kwenye skrini, unaupeleka juu ya namba unayotaka.

Shida inabaki moja: kubonyeza. Anayeweza kutumia mguu hutafuta pedali ya USB iliyosetiwa ifanye kazi ya kitufe cha mausi. Asiye na pedali aingie Settings, kisha Accessibility, atafute Autoclick. Jina na mahali hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukiiwasha, mshale ukitulia kwa muda uliochagua, simu inabonyeza yenyewe.

Lakini usianze na PIN. Ukikosea mara kadhaa, akaunti inaweza kufungwa. Fungua kikokotoo cha simu, ujaribu kuandika 2558.

Zikiingia namba ambazo hukutaka, muda ni mfupi mno: simu inabonyeza kila mshale unapopumzika njiani. Ongeza muda. Zisipoingia kabisa, huenda mkono unatetemeka na kila mtikisiko unaanzisha hesabu upya. Punguza muda. Ukipata 258, ile 5 ya pili imepotea. Hapo mashine haijaharibika. Ikishabonyeza, husubiri mshale usogee tena. Kwa hivyo sogeza mshale kidogo ndani ya kitufe hichohicho, kisha uutulize. Ukipata 2558 mara kumi mfululizo, sasa uko tayari.

Ukifika kwenye malipo yenyewe, tumia app badala ya kupiga kodi ya nyota na reli. Menyu ya kodi hujikata ukichelewa, na mkono wa polepole utaanza upya kila mara. Kabla ya namba ya mwisho, soma tena jina na kiasi, maana Autoclick haijui kama ulikuwa bado unafikiria. Ukitaka kupumzika, peleka mshale sehemu tupu ya skrini.

Jambo la mwisho: mshale unaonekana vizuri kuliko kidole. Aliye nyuma yako anaweza kusoma kila namba unayosimamia. Kaa ukiegemea ukuta, au geuza skrini. Na ikiwa kuna mtu aliyewahi kukubonyezea PIN, hata kwa nia njema, ibadilishe leo, safari hii kwa mkono wako mwenyewe.