Utambuzi wa Muziki wa Karaoke Usio na Jina la Mwimbaji Asilia: Mfano wa Faili Iitwayo "Hakuna Matata"

Muziki wa karaoke ni muziki ulioondolewa sauti ya mwimbaji, au, mara nyingi zaidi, uliopigwa upya na wanamuziki wengine ili usikilizike kama ule wa awali. Tofauti hii ndiyo chanzo cha ugumu wa utambuzi. Anayeuliza "mwimbaji asilia ni nani?" huwa ameunganisha maswali mawili bila kujua: kwanza, huu ni utunzi gani, pili, mtengenezaji wa muziki huu aliiga rekodi ipi ya utunzi huo. Swali la kwanza humhusu mtunzi na haki zake, na la pili humhusu mwimbaji. Jibu la moja haliwezi kuchukuliwa kuwa jibu la lingine.

Hatua ambayo watu wengi huianza ni kuisikilizisha simu yenye programu kama Shazam. Njia hiyo hulinganisha vilele vya masafa ya sauti na nyakati zake dhidi ya hazina ya rekodi zilizokwisha kuhifadhiwa. Inachotambua, kwa hiyo, ni rekodi fulani, si utunzi. Wimbo uleule ukipigwa upya na wanamuziki wengine, vilele hivyo hubadilika na programu hunyamaza. Ikitoa jibu, aghalabu hutaja kampuni ya karaoke yenyewe, pengine kwa maneno `In the Style of` yakifuatwa na jina la mwimbaji. Maneno hayo yana thamani, kwa kuwa yanataja rekodi iliyoigwa. Lakini ni dai la muuzaji, na hayamtaji mtunzi.

Na ichukuliwe faili ya mfano inayoitwa `hakuna_matata.kar`, isiyo na jina la mwimbaji. Faili za aina hii ni faili za midi zilizoongezewa maneno, na maneno hayo yanaweza kusomwa bila kuucheza muziki. Amri moja inatosha kuonesha alama za mwanzo:

```
strings -n 4 hakuna_matata.kar | grep '^@[A-Z]'
```

Matokeo yake yanaweza kuwa haya:

```
@KMIDI KARAOKE FILE
@V0100
@LENGL
@THakuna Matata
```

Alama ya `@T` hubeba jina la wimbo, na ikirudiwa huweza kubeba jina la mtunzi au tamko la hakimiliki. Hapa haikurudiwa. Alama ya `@L` inadai kwamba lugha ni Kiingereza. Mtafiti akiyafungua maneno yenyewe na kukuta ni ya Kiswahili, atajua kwamba alama hizo zilijazwa kwa mazoea, na kwamba jina lililo kwenye `@T` nalo halistahili kuaminiwa kwa urahisi.

Maneno katika faili hizi huhifadhiwa kwa silabi, kila silabi na wakati wake, ndiyo sababu anayetafuta neno zima "matata" ndani ya faili anaweza kuambiwa halimo. Silabi hazina budi kuunganishwa kwanza. Tahajia nayo huhitaji jicho la mjuzi: mtu asiyejua Kiswahili aliyeandika kwa kusikiliza anaweza kuigeuza "nchi" kuwa "inchi", au "bwana" kuwa "bawana". Makosa hayo yanakera, lakini yana faida. Kosa lilelile likionekana katika faili mbili zenye majina tofauti, kuna uwezekano mkubwa kwamba moja ilinakiliwa kutoka kwa nyingine. Karaoke ya diski za CD+G haitoi nafasi hiyo, kwani maneno yake ni picha za vitone tu, na mtafiti hulazimika kuyasoma kwenye skrini na kuyanakili kwa mkono.

Jina "Hakuna Matata" linaelekeza moja kwa moja kwenye wimbo wa filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994, uliotungwa na Elton John kwa maneno ya Tim Rice. Mwelekeo huo hukataliwa upesi. Wimbo wa filamu ni wa Kiingereza na unasimulia maisha ya ngiri, ilhali maneno ya faili hii ni ya kuamkiana, kuwakaribisha wageni na kuisifu Kenya. Aidha, katika wimbo wa filamu fungu hilo la maneno ndilo kiini, na beti hulifafanua. Katika faili hii ni mwitikio mfupi unaofunga mistari, kwa utaratibu wa kiongozi na waitikiaji. Mwitikio ndio unaobaki masikioni mwa msikilizaji, na kwa sababu hiyo ndio unaogeuzwa kuwa jina na mtu asiyelijua jina halisi.

Utunzi wenyewe ni "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa na bendi yake ya Them Mushrooms ya Mombasa mwaka 1982. Swali la kwanza limejibika. La pili bado, kwa maana mwaka 1983 kundi la Boney M. liliutoa wimbo huo kwa jina "Jambo – Hakuna Matata", na bendi nyingine za pwani, ikiwamo Safari Sound Band, ziliurekodi. Jina la faili, basi, huenda halikubuniwa na mtengenezaji wa karaoke. Huenda ni nusu ya jina la Boney M. iliyokatwa.

Kuamua kati ya rekodi hizo kunahitaji ushahidi usioweza kubadilishwa kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo wa sauti haufai, kwa kuwa karaoke hupandishwa au kushushwa ili kumfaa mwimbaji, na kasi nayo vivyo hivyo. Jina la nchi pia ni ushahidi dhaifu: waimbaji wa Tanzania huiweka Tanzania au Zanzibari mahali pa Kenya, na hilo huonesha wimbo ulikopita tu. Vinavyodumu zaidi ni mpangilio wa beti, utangulizi wa ala, idadi ya mapigo kabla ya sauti kuingia, na beti zilizomo au zilizoachwa. Rekodi ya Them Mushrooms ina sehemu inayotaja uyoga. Sehemu hiyo ikiwamo katika faili, dalili ya kwamba chanzo ni rekodi hiyo, au nakala iliyoifuata kwa karibu, ni nzito. Kutokuwamo kwake hakuthibitishi kinyume, maana hata anayeiga rekodi ya awali anaweza kuifupisha.

Ikiwa utangulizi wa faili ni wa jumla mno na sehemu ya uyoga haimo, rekodi iliyoigwa haiwezi kutajwa kwa uhakika. Katika hali hiyo orodha ya kumbukumbu iandike utunzi na mtunzi, iache wazi nafasi ya mwimbaji, na ihifadhi jina lililokutwa kwenye faili kama jina mbadala. Kuijaza nafasi hiyo kwa jina la Boney M., ati kwa kuwa ndilo mashuhuri zaidi, kungekuwa kukisia. Kuandika "wimbo wa jadi" kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwani wimbo wa jadi hauna wa kulipwa, na huu una mtunzi anayejulikana kwa jina.