Vibandiko vya Chunusi: Doa Jeupe Linasema Nini?

Vibandiko vya chunusi ni vipande vidogo vya mviringo, vyembamba na vyenye kupenya mwanga, ambavyo hubandikwa juu ya chunusi usiku na kubanduliwa asubuhi. Siku hizi huuzwa katika maduka ya dawa, maduka ya vipodozi na kwa njia ya mtandao, mara nyingi katika karatasi yenye vibandiko vya vipimo viwili au vitatu. Kinachomvutia mnunuzi zaidi ya yote ni doa jeupe linalojitokeza katikati ya kibandiko baada ya kukaa usoni usiku kucha. Matangazo huonesha doa hilo kama ushahidi kwamba uchafu wote umevutwa kutoka ndani ya ngozi. Makala haya yanaeleza doa hilo ni nini hasa, kwa sababu anayelielewa atajua mara moja ni chunusi gani inayostahili kibandiko na ni ipi itakayompotezea fedha.

Kibandiko cha kawaida hakina dawa. Kimetengenezwa kwa haidrokoloidi, yaani mchanganyiko wa gundi na chembechembe zinazopenda maji, kama vile kaboksimethiliselulosi, pektini au jelatini. Juu yake kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia maji na vijidudu visiingie. Chembechembe zile zikikutana na majimaji huyafyonza, huvimba na kugeuka kuwa ute mzito mweupe. Huo ndio weupe unaoonekana asubuhi. Sehemu kubwa yake ni kibandiko chenyewe kilichovimba, wala si usaha mtupu.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili nyumbani kwa gharama ya kibandiko kimoja tu. Weka kibandiko juu ya sahani, upande wenye gundi ukitazama juu, kisha udondoshee tone moja la maji safi na ukiache kwa saa kadhaa. Kitavimba na kupata weupe uleule, ingawa sahani haina chunusi. Jasho pia huleta weupe huo, na katika miji yenye joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, mtu aliyelala bila feni anaweza kubandua kibandiko cheupe kutoka kwenye ngozi isiyo na tatizo lolote. Kwa hiyo doa jeupe linasema jambo moja tu: kibandiko kimekutana na majimaji. Halisemi majimaji hayo yametoka wapi.

Teknolojia yenyewe si ya ulaghai. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwenye ngozi ya nguruwe, yaliyoonesha kwamba kidonda cha juujuu kilichofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi mpya kwa takriban nusu ya muda unaohitajiwa na kidonda kilichoachwa wazi kikauke na kufanya gaga. Kuanzia miaka ya 1980 plasta za haidrokoloidi zikaenea hospitalini kwa ajili ya vidonda vya miguu na vidonda vya wagonjwa waliolala kitandani muda mrefu. Kibandiko cha chunusi ni plasta hiyohiyo, iliyofanywa nyembamba na kukatwa vipande vidogo. Kutokana na asili hiyo tunapata kanuni ya kuchagua: kibandiko ni plasta ya kidonda, na husaidia pale tu chunusi inapokuwa imefikia hali ya kidonda kidogo chenye majimaji karibu na uso wa ngozi.

Chunusi inayofaa zaidi, basi, ni ile iliyoiva na kuonesha kichwa cheupe au cha manjano, hasa ikiwa kichwa hicho kimekwisha kupasuka chenyewe. Hapo kuna tundu, kuna majimaji, na kuna ngozi inayohitaji kuota upya. Kibandiko hufyonza majimaji, hupunguza msuguano wa mto na barakoa, na huzuia gaga gumu lisifanyike. Kama kichwa hakijapasuka, unyevu chini ya kibandiko huweza kulainisha ngozi ya juu hadi ikafunguka yenyewe, lakini si kila mara. Kutumbua chunusi kwa sindano au kwa kucha ili kibandiko kipate kazi ni kujitafutia kovu.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana katika matangazo, nayo kwa maoni yetu ndiyo yenye thamani kubwa kwa wasomaji wengi wa kijitabu hiki. Kibandiko huzuia vidole. Kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, chunusi iliyominywa au kukwaruzwa huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Mtu mwenye mazoea ya kushikashika uso bila kujijua, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, hufaidika kwa sababu tu kidole kinakutana na plastiki badala ya chunusi. Hata hivyo, doa ambalo limekwisha kujitokeza halitaondolewa na kibandiko, kwa kuwa rangi hiyo imo ndani ya ngozi na wala si majimaji ya kufyonzwa.

Tuchukue mfano wa msichana aliyenunua pakiti ya vibandiko 36 kwa shilingi 18,000, yaani shilingi 500 kwa kila kimoja. Usoni ana chunusi moja yenye kichwa cheupe kidevuni, uvimbe mmoja mgumu na wenye maumivu karibu na taya, na vichwa vyeusi vingi juu ya pua. Akibandika sehemu zote hizo anaweza kutumia vibandiko saba kwa usiku mmoja, yaani shilingi 3,500, na pakiti itakwisha kabla ya wiki kumalizika.

Kibandiko cha kidevuni kina kazi. Kile cha taya hakina, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo umekaa chini sana, usaha wake hauna njia ya kutokea juu, na haidrokoloidi haiwezi kuvuta kitu kupitia ngozi nzima. Vile vitano vya puani navyo havina kazi. Kichwa cheusi ni mchanganyiko mkavu wa mafuta na chembe za ngozi iliyokufa uliojaa ndani ya kitundu. Weusi wake hautokani na vumbi, bali unatokana na rangi ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa. Asubuhi vibandiko vya pua vitakuwa vimepata weupe kutokana na jasho na mafuta ya juu, naye ataamini vimefanya kazi, ilhali akitazama kwenye kioo ataona vichwa vyeusi viko palepale. Kati ya shilingi 3,500 za usiku huo, shilingi 3,000 zimepotea.

Vipo pia vipele ambavyo huonekana kama chunusi nao kibandiko hakivifai kabisa. Vipele vya ndevu hutokana na nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vipele vidogo vinavyofanana vyote na kuwasha, hasa kipajini, kifuani na mgongoni, huweza kusababishwa na fangasi wa ngozi wanaostawi penye joto na unyevu, na kuvifunika kwa plastiki kunaweza kuvizidisha. Vipele vingi vinavyofanana vilivyozuka baada ya kutumia krimu ya kung'arisha ngozi vinaweza kuwa vimeletwa na steroidi iliyomo ndani ya krimu hiyo. Aliye katika hali hii anahitaji kumwona mtaalamu wa afya pamoja na kopo la krimu mkononi, maana kuiacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwake zaidi.

Baadhi ya vibandiko huuzwa kwa bei ya juu kwa kuongezwa asidi ya salisiliki, mafuta ya mti wa chai au sindano ndogondogo zinazoyeyuka. Sindano hizo ni fupi mno kufika kwenye kitovu cha uvimbe mkubwa. Mnunuzi asilipe mara mbili au tatu ya bei ya kawaida kwa sababu ya maneno hayo peke yake.

Anayeamua kutumia kibandiko aoshe uso kwa sabuni isiyo kali na kuukausha vizuri kwa kuugandamizia taulo safi. Asipake krimu wala mafuta mahali pa kubandika, kwani gundi haitashika. Achague kibandiko kinachozidi chunusi kwa milimita chache kila upande, akibonyeze kwa kidole kwa sekunde kadhaa, kisha akiache kwa saa sita hadi nane. Kingo zikianza kuachia, au weupe ukifika ukingoni, akibandue polepole na kuosha mahali hapo. Kibandiko kilichotumika hakirudiwi. Usiku wa pili au wa tatu chunusi ikiwa imesinyaa na kibandiko kinatoka kikiwa angavu, kazi imekwisha. Ikiwa mahali pamewasha na kuwa pekundu au peusi kwa umbo la duara la kibandiko, gundi haipatani na ngozi hiyo na matumizi yakome.

Uvimbe unaoenea, wenye joto na maumivu makali, unaoambatana na homa au ulio karibu na jicho, usifunikwe kwa kibandiko. Huo ni wa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo zikamilike.

Anayetokwa na chunusi mpya kila wiki aelewe kwamba kibandiko hakizuii hata moja kati ya zijazo. Fedha zake zitafanya kazi zaidi kwenye jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, ambayo hupakwa eneo zima linalotokwa na chunusi na huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa. Aanze kwa kiasi kidogo, na akumbuke kwamba jeli hiyo hubabua rangi ya mashuka na kanga.

Kabla ya kulipa, soma orodha ya viambato. Kibandiko kisichotaja haidrokoloidi wala mojawapo ya chembechembe tulizozitaja huenda ni stika ya kawaida. Penye jelatini, asili yake huweza kuwa ng'ombe au nguruwe, na mwenye kujali jambo hilo amuulize muuzaji au achague kibandiko chenye selulosi pekee. Muulize pia mfamasia kama ana plasta nyembamba ya haidrokoloidi ya vidonda. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 hutoa vipande 100 vya sentimita moja kwa moja, na mara nyingi hesabu ya bei kwa kipande huwa nafuu kuliko pakiti ya rangi ya waridi. Kata kwa mkasi safi, viringisha pembe ili zisiachie haraka, na hifadhi kilichobaki ndani ya pakiti yake mahali pakavu, kwa sababu plasta iliyonywa unyevu wa hewa kabatini haitakuwa na nafasi ya kunywa kitu kingine usoni.